Barua pepe ya kumnyima mtu kazi: sentensi moja ya kufuta

Katika kazi yangu ya kuajiri, sentensi ninayoifuta mara nyingi kwenye rasimu za wenzangu ni hii: "Tutahifadhi taarifa zako na tutawasiliana nawe nafasi nyingine itakapopatikana." Anayeiandika anaiona ni ya upole, lakini msailiwa huisoma kama ahadi, naye huweza kukaa miezi akisubiri simu ambayo hakuna aliyepangiwa kuipiga. Sekretarieti ya Ajira hapa Tanzania ina kanzidata ya waliofaulu usaili, na watu hupangiwa vituo kutoka humo. Kampuni nyingi binafsi hazina kitu kama hicho, bali wasifu hubaki kwenye kasha la barua pepe la mtu mmoja.

Tuchukue nafasi ya mhasibu msaidizi, na msailiwa aliyefika hadi usaili wa ana kwa ana. Mimi ningemwandikia hivi:

"Ndugu, tunakushukuru kwa kufika kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi. Hatutakuajiri katika nafasi hii. Tumemchagua msailiwa aliyewahi kuandaa ritani za kodi ya ongezeko la thamani, kazi iliyotajwa kwenye tangazo. Maelezo yako kuhusu usuluhishi wa hesabu za benki yalikuwa mazuri. Mchakato wa nafasi hii umefungwa. Tukitangaza nafasi nyingine, utahitaji kuomba upya."

Uamuzi uko katika sentensi ya pili kwa sababu msomaji anautafuta huo kabla ya kitu kingine chochote, na shukrani za aya nzima humchelewesha tu. Sababu nayo ni moja, inatoka kwenye tangazo, na ni ya kweli. Kama huwezi kuitaja bila kuzungusha maneno, iache kabisa kuliko kuandika kwamba ushindani ulikuwa mkali, maneno ambayo hayamwambii chochote. Sifa iwe ya jambo ulilolisikia kwenye chumba cha usaili, la sivyo itasomeka kama ya kunakili. Jihadhari pia usiandike "ukipata uzoefu huo, urudi", kwani hiyo nayo ni ahadi, tena ya gharama kwa atakayekwenda kuutafuta.

Aliyeshika nafasi ya pili ana suala lake. Barua hiyo isimfikie kabla mteule hajasaini mkataba, kwa kuwa wateule hughairi. Lakini usimwache kimya pia. Mwambie yuko kwenye akiba, na umtajie tarehe ambayo atapata jibu la mwisho, kisha uiheshimu tarehe hiyo hata kama jibu ni hapana.

Kwa wale ambao hawakuitwa kwenye usaili, ujumbe mfupi wa pamoja unatosha, ila anwani zao ziwekwe kwenye nakala iliyofichwa, maana wengi wao bado wako kazini kwa waajiri wasiojua kwamba wanatafuta pengine.