Fundi asitoboe jipsamu kabla shelfu hazijakaa

"Wakuu, nimepata fremu ya mita 3 kwa 4, nauza vitenge na madera. Fundi kashauri paneli tisa za wati 18, mwanga mweupe wa 6500K, zipangwe tatu tatu darini. Jipsamu inapigwa Jumamosi. Zitatosha? Luku itakula sana?"

Mpigie fundi simu sasa hivi umwambie Jumamosi asitoboe chochote. Apige jipsamu kama anataka, avute na nyaya, ila matobo ya taa yasubiri mpaka shelfu zako ziwe zimesimama ukutani. Nakwambia kwa nguvu hivi kwa sababu ushauri uliopewa ndio niliopewa mimi, paneli tisa, tatu tatu, mwanga mweupe, na nilikuja kulipa jipsamu mara mbili.

Tazama fundi anavyopiga hesabu. Anakuta fremu tupu, anachukua upana wa mita 3 na kuugawa sawasawa: safu ya kwanza sentimita 50 kutoka ukutani, ya pili katikati, ya tatu sentimita 50 kutoka ukuta wa pili. Ukiangalia dari ikiwa tupu inapendeza kweli, mistari imenyooka. Halafu shelfu zinaingia. Shelfu ya majora ya vitenge ina kina cha sentimita 40 hivi. Toa 40 kwenye 50, umebakiwa na sentimita 10 tu kati ya taa na uso wa kitambaa. Taa iliyo karibu hivyo inashuka wima mbele ya shelfu. Rafu ya juu inawaka mpaka rangi zinapauka, na kila jora lililojitokeza kidogo linalitia kivuli la chini yake. Kuanzia usawa wa kiuno kwenda chini ni giza. Ile safu ya katikati yenyewe inamulika vichwa vya wateja na vigae vya sakafu, na sakafu huiuzi.

Kwangu hali ilikuwa hivyohivyo. Mteja anaingia, duka linawaka kweupe, lakini anatoa simu anawasha tochi aone madera ya rafu ya chini. Nikamwita fundi. Akasema mwanga hautoshi, niongeze paneli. Hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo, kwa sababu mwanga ulikuwa umezidi, tena sana. Mwanga unaotoka kwenye taa unapimwa kwa lumeni, na paneli ya LED ya wati 18 hutoa lumeni kama 1,500. Zidisha mara tisa, unapata zaidi ya 13,000 ndani ya chumba cha mita 12 za mraba. Viwango vya Ulaya vya taa za ndani vinataka laksi 300, yaani lumeni 300 zinazoangukia kila mita ya mraba, kwa eneo la kuuzia na 500 kwa meza ya malipo. Hata ukikubali kwamba karibu nusu ya mwanga inapotelea kwenye kuta na dari, bado hapo unapita laksi 500 duka zima. Tatizo lilikuwa mwanga unapoangukia. Muuza taa naye, badala ya kuuliza shelfu zangu zimekaaje, aliuliza chumba kina ukubwa gani na akaanza kuhesabu maboksi. Mtu anayekupangia taa bila kuuliza bidhaa inakaa wapi anakuuzia maboksi tu.

Sasa fanya hivi. Simamisha shelfu kwanza, hata kama hazijapakwa rangi. Pima kimo cha dari. Nachukulia yako ni mita 2.7, jipsamu nyingi za fremu zinaishia hapo. Kitambaa mteja anakiangalia zaidi kwenye usawa wa macho, kama mita 1.5 kutoka chini. Tofauti ni mita 1.2. Unataka mwanga ufike pale ukiwa umelala nyuzi kama 30 kutoka wima, na kwa kimo hicho taa inatakiwa ikae sentimita 70 mbele ya uso wa shelfu. Mbele ya uso wa shelfu, siyo kutoka ukutani! Chukua futi, anzia kwenye ukingo wa mbele wa ubao, weka alama ya penseli darini. Kama dari yako ni ya mita 3, tofauti inakuwa mita 1.5 na alama inasogea mpaka sentimita 85 hivi.

Kwa nini nyuzi 30? Ukisogeza taa karibu zaidi unarudi kwenye shida ya rafu ya juu kuungua na za chini kufa. Ukiipeleka mbali sana, mteja aliyesimama mbele ya shelfu anaanza kuzitia rafu za chini kivuli kwa mwili wake mwenyewe, na mwanga unamchoma machoni aliye upande wa pili. Hapo kati unapata mwanga unaoteremka juu ya kichwa cha mteja na kukiosha kitambaa kuanzia juu hadi karibu na chini.

Taa zenyewe ziwe zile ndogo za kuelekeza, ambazo kichwa chake unakigeuza kikaangalia shelfu. Paneli bapa haigeuki, inamwaga mwanga kila upande. Kwenye boksi tafuta upana wa mwanga wa nyuzi 36. Kwa umbali huo inakupa duara la karibu mita moja juu ya kitambaa, kwa hiyo ukuta wako wa mita 4 unahitaji nne: ya kwanza nusu mita kutoka kona, kisha kila baada ya mita moja. Wati 10 kila moja inatosha. Kuta mbili ni taa nane, ongeza moja juu ya meza ya kukunjia na kupokea pesa. Jumla wati 90, wakati mpango wa fundi wako ni wati 162. Ukiwasha saa 12 kwa siku, ni uniti moja na kidogo dhidi ya karibu mbili, kwa hiyo kwenye luku ndiyo hivyo.

Na kama fundi keshatoboa au huna uhakika shelfu zitakaa hapo milele, achana na matobo. Nunua taa za reli. Reli inafungwa juu ya jipsamu kwa skrubu, taa unazisogeza na kuzigeuza kwa mkono, na ukihama fremu unaondoka nayo. Mimi ndiko nilikoishia, baada ya jipsamu ya kwanza kuwa na matobo ambayo hayakuzibika bila kuacha alama. Nikaibomoa nikapiga nyingine.

Kuhusu kuchoma macho, watu wanadhani ni suala la kustarehe tu. Jicho likiona taa inayowaka wazi, linajibana kujilinda, na kila kitu kingine kinaonekana cheusi zaidi kuliko kilivyo. Ndiyo maana duka lenye lumeni 13,000 linaweza kuonekana halina mwanga. Kuna kipimo cha bure. Simama mlangoni usiku, tazama shelfu, kisha weka kiganja juu ya nyusi kama unakinga jua. Kama kitambaa kimeng'aa ghafla na rangi zimefunguka, taa zako zinakuchoma macho. Suluhisho ni taa ambayo balbu yake imezama ndani ya kikombe chake, usiione mpaka uwe karibu chini yake. Angalia pia vigae. Kigae cheupe cha kung'aa kinarudisha mwanga usoni kutoka chini, na kwenye fremu ndogo hakuna pa kuukimbia. Ukiwa bado hujaweka sakafu, chukua kigae kisichong'aa.

Rangi ya mwanga sasa, na hapa kwa vitenge usimsikilize fundi kabisa. 6500K ni mweupe wenye ubluu. Una madera ya rangi ya damu ya mzee, una machungwa, una manjano ya haradali, na mwanga huo unazipooza zote, halafu ngozi ya mteja kwenye kioo inakuwa kama ina majivu. Mteja anajiona mgonjwa na dera anaona halimpendezi. Wanaokimbilia 3000K nao wanageuza nyeupe kuwa krimu, na bluu iliyokoza huitofautishi na nyeusi. Chukua 4000K. Haipigani sana hata na mwanga wa jua unaoingia mlangoni mchana.

Ila kelvini, hiyo K ya kwenye boksi, peke yake haikuokoi. Kuna namba nyingine kwenye boksi, imeandikwa Ra au CRI, inayoeleza taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani ukilinganisha na mwanga kamili, ambao ni 100. Taa nyingi za bei rahisi ni 80 au hata chini yake, na udhaifu wao mkubwa uko kwenye nyekundu. Tafuta 90 kwenda juu. Wakati mwingine boksi lina namba tatu tu: 940 maana yake Ra ya tisini na kitu na 4000K, 865 ni Ra ya themanini na kitu na 6500K.

Utaona umuhimu wake siku ya sare. Familia ya harusi inakuja kutafuta damu ya mzee, jora moja halitoshi watu wote, unashusha la pili la kiwanda kingine. Chini ya taa yako yamefanana kabisa. Wanalipa, wanakata, wanashona, na siku ya shughuli wamesimama juani, nusu ya mashangazi wamevaa damu ya mzee na nusu wamevaa kahawia. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa dawa tofauti zinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya mwanga mwingine. Hata ukiwa na Ra ya 90, mauzo ya sare toka nayo nje mlangoni mkayaangalie pamoja kabla mkasi haujaingia.

Kabla hujanunua taa zote tisa, nunua moja. Iunge kwenye waya wenye soketi, mtu apande ngazi aishike pale kwenye alama ya penseli, usiku, mlango umefungwa, na majora yako halisi yakiwa kwenye shelfu. Weka jekundu, bluu iliyokoza na jeupe pembeni kwa pembeni, na mkono wako juu yake. Mwambie asogee nyuma sentimita 20, kisha mbele sentimita 20, uone rafu ya chini inavyobadilika. Ukiridhika rudi dukani kuchukua nyingine za chapa ileile na namba zilezile, pamoja na mbili za akiba, kwa sababu ukija kununua nyingine baada ya mwaka inaweza isifanane na wenzake ukutani. Ndipo fundi aje na msumeno wa kutobolea, na umsimamie mwenyewe wakati anapima.