“Inakuwa” au “ni sawa na”?

*Hujambo mwalimu? Binti yangu wa kidato cha nne hapa Umoja alikatwa maksi mbili ingawa jibu lake la mwisho ni sahihi. Mwalimu wake aliandika “= imetumiwa vibaya”. Nikimsikiliza akisoma kazi yake, kila = anaisoma “inakuwa”. Je, Kiswahili sahihi ni “inakuwa” au “ni sawa na”? Na hilo linahusiana na maksi zake? Huu hapa mstari wake. Swali lilisema mteremko wa mchoro ni 6x na mchoro unapita kwenye (1, 5).*

```
dy/dx = 6x = 3x² = 3(1)² = 3 = 5 − 3 = 2
y = 3x² + 2
```

Sijambo, mama. Ni “ni sawa na”, na ndiyo, maksi zilipotelea hapo hapo.

Tunasema “maji yanakuwa barafu”. Kitu kilikuwa hivi, sasa kimegeuka. “Inakuwa” ina safari ndani yake, na binti yako ameandika safari yake yote: alianza na 6x, akaintigreti, yaani akatafuta mchoro kutoka kwenye mteremko wake, akaweka 1, akapata 3, akatoa, akafika 2. Nadhani kalkuleta imechangia, maana ukibonyeza = pale, kweli namba inageuka mbele ya macho yako. Lakini ishara hii haina safari. Robert Recorde, tabibu wa Wales aliyeianzisha mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba kwa sababu hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo.

Hata “ni” peke yake haitoshi. “Simba ni mnyama” huwezi kuigeuza ukasema mnyama ni simba. “Sawa na” hugeuzika: kama kimo cha Asha ni sawa na cha Zawadi, cha Zawadi ni sawa na cha Asha.

Sasa mwambie ausome mstari wake kwa sauti akitumia “ni sawa na”. Atasikia mwenyewe: “tatu ni sawa na tano toa tatu, ni sawa na mbili”. Tatu si sawa na mbili. Kosa la mwanzo limejificha zaidi: “6x ni sawa na 3x²”. Weka x iwe 1: kushoto 6, kulia 3. Usawa huo ni kweli x ikiwa 0 au 2 tu, na swali halikusema hivyo. Alichotaka kusema ni kwamba *nikiintigreti* 6x napata 3x². Kitenzi hicho ndicho alichokimeza, na ishara ya kukiandika ipo: ∫ mbele, dx nyuma.

Kwa safari tuna maneno mengine: “basi”, “kwa hivyo”. Kwenye karatasi, “kwa hivyo” huandikwa kwa nukta tatu, ∴.

```
dy/dx = 6x
∴ y = ∫ 6x dx
    = 3x² + C
x = 1, y = 5:  5 = 3(1)² + C
∴ C = 2
∴ y = 3x² + 2
```

Kila = hapa inasomeka “ni sawa na” bila kumdanganya mtu, na kila mahali pa kuvuka kutoka wazo moja hadi jingine pana neno lake.

Tazama pia ile C. Kwake haikutokea kabisa. Ile 2 imeingia kwenye jibu bila kuelezwa imetoka wapi. Mimi huisoma C kwa “-ja-”: namba *ambayo hatujaijua*. Mteremko unakuambia umbo la mchoro tu. 3x², 3x² + 2 na 3x² − 7 zote zina mteremko 6x. Anayeandika y = 3x² na kuishia hapo anadai mchoro unapita kwenye (1, 3), kumbe swali limesema (1, 5). Kwa hivyo C huandikwa palepale ∫ inapoondoka, wala haingojwi hadi mwisho.

Na akiandika kanuni yenyewe ya kuintigreti, yaani ongeza kipeo kwa moja kisha gawanya kwa kipeo kipya, asiache neno “mradi”: *mradi kipeo cha mwanzo kisiwe −1*. Kikiwa −1, kipeo kipya ni 0, na kugawanya kwa 0 hakuwezekani. Katika 6x kipeo ni 1, kwa hivyo kanuni inaruhusiwa, na nusu mstari unatosha kulisema hilo. Wengi huchanganya “mradi” na “ili”. “Ili” inataja lengo, “mradi” inataja sharti, na hapa tunataja sharti.