Saa zako moja moja zinakulipa kiasi gani hasa?

Nilipoanza kuhariri miswada kwa kujitegemea, niliwatoza wateja wastani wa 30 kwa saa, na kwa mwaka mzima niliamini kuwa hayo ndiyo malipo yangu. Mwisho wa mwaka nilikuwa na ankara zilizolipwa za saa 1,080, yaani 32,400. Hata hivyo, daftari langu lilionyesha saa nyingine 720 ambazo hakuna aliyezilipia: kuandaa makadirio ya kazi nilizozikosa, kujibu barua pepe, kufuatilia malipo yaliyochelewa, kupanga hesabu na kurudia kurasa ambazo mteja alibadili mawazo juu yake. Gharama za vifaa, programu na intaneti zilifika 5,400. Nilipotoa gharama hizo, kisha nikagawa 27,000 zilizobaki kwa saa zote 1,800, nilipata 15, nusu kamili ya bei niliyokuwa nikiitaja, tena kabla ya kodi.

Ninyi mnaoanza, msijaribu kukisia saa zisizolipwa kwa kumbukumbu. Nilipokisia kabla ya kufungua daftari, nilitaja 300, kwa sababu ujumbe wa dakika kumi haukai akilini kama kazi. Andikeni palepale kazi inapokwisha, na kando ya kila saa mtaje jina la mteja aliyeisababisha.

Jina hilo lina thamani kubwa kuliko jumla ya mwaka. Mteja wangu mmoja alilipa saa 20 kwa bei ya 30, jumla 600, lakini simu zake na marekebisho yake yasiyokwisha vilinigharimu saa 15 zaidi. Kwa hiyo kila saa niliyomtumikia iliniletea takriban 17. Mwingine, ambaye nilikaribia kumwacha kwa kuwa alilipa 25 tu, alinipa saa 60 za kazi iliyopangwa vizuri, na saa za pembeni zilikuwa 6. Kwake nilipata karibu 23. Kwa kutazama bei peke yake, ningemfukuza aliyekuwa na faida.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayopanga bei ya mwaka unaofuata. Tuseme unataka kubakiwa na 20 kwa kila saa kati ya zile 1,800: unahitaji 36,000, na ukiongeza gharama za 5,400 inakuwa 41,400. Kiasi hicho hakigawanywi kwa 1,800, bali kwa saa 1,080 zinazolipiwa, nacho kinatoa bei ya 38.33. Hapa wengi hukosea, wakidhani kwamba kuongeza 5 kwenye bei kutawaongezea 5 mfukoni, ilhali kwa saa zangu nyongeza hiyo ingeleta 3 tu. Ikiwa soko halikubali 38, njia iliyobaki ni kupunguza zile saa 720, na mimi nilianza kwa kuandika katika kila mkataba kwamba marekebisho yanayozidi mara mbili yatalipiwa kwa saa.