Logi hulipiwa zaidi zinapoingia kuliko zinapokaa

Ninyi mnaoanza kazi ya kusimamia mifumo kwenye wingu, mtakapoambiwa mpunguze gharama za logi, wazo la kwanza litakalowajia ni kufupisha muda wa kuzihifadhi. Nami nilianzia hapo. Nilipunguza muda kwenye makundi yote ya logi ya mradi wetu katika CloudWatch, huduma ya AWS inayopokea na kuhifadhi logi, hadi siku 14, nikasubiri bili ya mwezi uliofuata, nikakuta imeshuka kwa dola chache tu.

Sababu imo kwenye orodha ya bei yenyewe. Katika mkoa wa us-east-1, bei ya kawaida ya CloudWatch Logs ni dola 0.50 kwa kila gigabaiti inayopokelewa, ilhali kuihifadhi ni dola 0.03 kwa mwezi, tena baada ya data kubanwa. Kwa hiyo mstari wa logi umeshalipiwa sehemu kubwa ya gharama yake siku ileile ulipoandikwa, hata ukifutwa kesho yake.

Chukueni huduma inayopokea wastani wa maombi 100 kwa sekunde, ambapo kila ombi linaandika mistari 10 ya baiti 500. Hizo ni baiti 500,000 kwa sekunde, yaani gigabaiti 43.2 kwa siku na takriban 1,296 kwa mwezi wa siku 30. Kuzipokea ni dola 648. Zikibanwa hadi asilimia 15 ya ukubwa wake, kiwango ambacho AWS wenyewe hukitumia katika mifano yao ya bei, kuhifadhi logi za mwezi mzima kunagharimu chini ya dola 6. Huduma hiyo ni ya wastani tu, wala haina watumiaji wa kutisha.

Kwetu sisi, mistari 8 kati ya 10 ilikuwa ya kiwango cha DEBUG. Mwenzetu mmoja aliweka `LOG_LEVEL=DEBUG` usiku mmoja akitafuta hitilafu ya malipo, akaipata, akaenda kulala, na kigezo kikabaki hivyo kwa miezi minne. Hakuna king'ora kilicholia, kwa kuwa mfumo ulikuwa mzima. Kilichokuwa kikipanda ni kipimo cha `IncomingBytes` tu, ambacho hakuna aliyekiwekea kikomo. Tuliporudi kwenye INFO ikawa kama gigabaiti 1,296 za mfano ule zimeshuka hadi 259. Ndiyo maana nawashauri myapange makundi ya logi kwa kipimo hicho kabla hamjagusa kitu kingine, kwani mara nyingi kundi moja au mawili ndiyo yanayobeba karibu bili yote.

Baada ya hapo ndipo sampuli huwa na maana. Ombi lililofanikiwa linafanana na maelfu mengine, hivyo kuhifadhi moja kati ya kumi kunatosha. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuamua kwa bahati nasibu kwa kila mstari, na matokeo yake ombi moja linabaki na mstari wa kwanza na wa saba, usiweze kulifuatilia. Amueni kwa namba ya ombi, ili huduma zote linamopita zifikie uamuzi uleule:

```python
import zlib

def hifadhi(namba):
    return zlib.crc32(namba.encode()) % 100 < 10
```

Ugumu ni kwamba ombi linapoanza hamjui kama litafeli. Sisi tuliishikilia mistari yake kwenye kumbukumbu ya programu hadi mwisho, kisha tukaandika yote ikiwa limefeli, limechelewa au limeangukia katika ile asilimia 10. Njia hii ina upungufu wake: programu ikifa ghafla, mistari iliyokuwa ikisubiri hupotea nayo, na pengine ndiyo mliyoihitaji. Pia, king'ora chochote kinachohesabu mistari ya logi kitatoa hesabu ya uongo. Kihamishieni kwenye vipimo vinavyohesabiwa ndani ya programu kabla ya kuanza sampuli.

Muda wa kuhifadhi hata hivyo usiachwe, kwa sababu kundi jipya la CloudWatch kwa kawaida halina ukomo, na zile dola 6 hujumlishwa kila mwezi hadi kukaribia 70 kwa mwezi ifikapo mwisho wa mwaka. Makundi yasiyo na ukomo huonekana hivi:

```
aws logs describe-log-groups \
  --query 'logGroups[?!retentionInDays].[logGroupName,storedBytes]' \
  --output table
```

Msiyape yote siku sawa. Kwetu malalamiko ya wateja kuhusu malipo yalikuwa yakifika hata wiki ya tatu, na zile siku 14 nilizoziweka kwa haraka zilituacha mikono mitupu mara mbili, kwa hiyo kundi la malipo tukaliwekea siku 60. Kumbukumbu za ukaguzi, yaani nani aliidhinisha nini na saa ngapi, tulizitenga kwenye kundi lake, hazikuguswa na sampuli, na muda wake tuliulizia kwa wahasibu na wanasheria badala ya kuukadiria wenyewe.