Gari ipi inakula mafuta kupita kiasi? Hesabu kutoka tangi lililojaa hadi tangi lililojaa

SWALI: Assalamu alaykum. Nasimamia gari za kusambaza maji na vinywaji hapa Unguja, baadhi Canter za tani mbili za diseli, nyengine pikapu ndogo za petroli. Kila Jumamosi karani anapakia faili la Excel lenye tarehe, kilomita na lita, nami nimeweka kanuni: gari ikipata chini ya kilomita 8 kwa lita, mstari unakuwa mwekundu. Tatizo ni kuwa wekundu unaruka kila wiki kwa gari tofauti, madereva wananuna, na mafuta bado yanapotea. Nifanyeje ili zionekane gari zenye tatizo kweli?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Wekundu unaruka kwa sababu kila mstari unagawanya kilomita za tangu kujaza mara ya mwisho kwa lita za kujaza mara hii. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu tangi linapojazwa pomoni mara zote mbili. Dereva akitia mafuta nusu kwa sababu ana haraka ya kufika Nungwi, lita hizo hazina uhusiano na kilomita alizokwishakwenda. Tazama Canter moja kwa siku chache:

```
gari    tarehe  kilomita  lita  limejaa
CANTA1  3       84210     48    N
CANTA1  6       84470     20    H
CANTA1  8       84590     22    H
CANTA1  11      84830     44    N
```

N ni ndiyo, tangi lilijaa, na H ni hapana. Kwa kanuni yako, tarehe 6 gari hii imepata kilomita 13 kwa lita, jambo ambalo Canter yenye mzigo hailiwezi. Tarehe 8 na 11 imepata kama 5.5, nyekundu mara mbili. Hakuna hata moja katika hizo iliyo kweli. Ukweli unapatikana kati ya N na N: kilomita 84830 toa 84210 ni 620, na lita zilizotiwa baada ya N ya kwanza ni 20 na 22 na 44, jumla 86. Hiyo ni kilomita 7.2 kwa lita. Zile lita 48 za tarehe 3 hazihesabiwi, maana zilirudisha mafuta ya safari za kabla yake. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Basi hatua ya kwanza ni kumwambia karani aongeze safu moja ya N au H, na kila gari ijazwe pomoni angalau mara moja kwa wiki. Ikiwa safu A ni gari, B tarehe, C kilomita, D lita na E limejaa, weka hizi katika F, G na H kisha uziburute chini:

```
F2: =IF(E2="N",MAXIFS(C:C,A:A,A2,E:E,"N",C:C,"<"&C2),"")
G2: =IF(N(F2)=0,"",C2-F2)
H2: =IF(N(F2)=0,"",SUMIFS(D:D,A:A,A2,C:C,">"&F2,C:C,"<="&C2))
```

F inatafuta kilomita za kujaa kwa mwisho, G inatoa umbali, H inajumlisha lita zote za katikati. Mistari ambayo tangi halikujaa inabaki wazi, na ndivyo inavyotakiwa. Kanuni hizi zinafanya kazi Google Sheets na Excel ya 2019 kuja juu, na hazijali mistari imepangwa vipi.

Sasa kile kiwango chako cha 8. Kinaionea Canter na kuificha pikapu. Pikapu iliyozoea kilomita 12 kwa lita ikishuka hadi 9 imeharibika au inaibiwa, lakini kwako itaonekana nzima. Kila gari ilinganishwe na yenyewe, tena kwa njia inazopita. Kwenda shamba, Paje au Makunduchi, gari inakwenda mwendo mmoja. Mjini, kati ya Darajani na Mwanakwerekwe, inasimama na kuondoka kutwa nzima, na wakati wa kushusha katoni injini mara nyingi inaachwa inawaka. Mwambie karani agawe kilomita za G katika safu mbili, I za shamba na J za mjini. Umbali wa kila ruti ya shamba upimwe mara moja tu. Ukizidisha kwa idadi ya safari unapata I, na kinachobaki ni J.

Ukishakuwa na vipindi kama 20 vya gari moja (kipindi ni kutoka N hadi N), vinakili kwenye ukurasa wa peke yake kwa Paste Values, bila mistari mitupu, safu zikiwa zile zile, kisha andika:

```
=LINEST(H2:H21,I2:J21,FALSE)
```

Kwenye Excel ya 2019 chagua kwanza seli tatu za mstari mmoja, kisha umalize kwa Ctrl+Shift+Enter. Utapata namba tatu: mbili za mwanzo ni lita kwa kila kilomita moja ya mjini na ya shamba, na ya mwisho ni sifuri, iache. Angalia vizuri, LINEST inatoa majibu kinyume cha mpangilio wa safu, kwa hiyo ya kwanza ni ya J, yaani mjini. Tuseme Canter yetu imetoa 0.17 mjini na 0.13 shamba. Zile kilomita 620 zilikuwa 500 za shamba na 120 za mjini. Mafuta yaliyotarajiwa ni 65 na 20.4, jumla 85.4. Ilitumia 86. Gari iliyopigwa nyekundu mara mbili imezidisha lita 0.6, yaani haina neno lolote.

Vipindi hivyo 20 uvichague kwa uangalifu. Kama mafuta yalikuwa yakipotea muda wote huo, upotevu umeshaingia ndani ya kiwango na hutauona tena. Chukua vipindi vya baada ya sevisi ambavyo wewe mwenyewe una imani navyo, au linganisha na Canter nyengine ya aina ile ile inayopita njia zile zile. Na kiwango kikishapatikana kiache kama kilivyo, usikifanyie hesabu upya kila wiki, la sivyo kitapanda taratibu pamoja na wizi.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni hili: usitazame ziada ya kipindi kimoja kimoja, tazama ziada inayojumlishwa. Kujaa kwa tangi si kipimo cha maabara. Pampu hukata mapema, gari husimama pameinama, na tofauti ya lita 3 ni kawaida. Lakini kosa hilo hujilipa lenyewe: mafuta yaliyopungua leo, kipindi hiki kitaonekana kimetumia kidogo, na yatatiwa mara ijayo, kipindi kijacho kionekane kimezidi. Ukijumlisha, yanafutana. Mafuta yanayochotwa hayafutani, yanapanda tu.

Fikiria Canter mbili katika vipindi sita, kila kimoja kikitarajiwa kutumia karibu lita 80. Ya kwanza imetoa ziada ya 4.1, kisha pungufu 3.6, ziada 2.2, pungufu 2.9, ziada 1.0, pungufu 0.5. Jumla yake ni 0.3. Ya pili imetoa ziada 3.2, 4.0, 2.6, 3.8, 3.1 na 4.3. Ukiweka alama kwa ziada ya asilimia 10, hakuna hata moja itakayonaswa, na vipindi vilivyozidi kuliko vyote vya gari hizo mbili, 4.1 na 4.3, vikitazamwa kwa haraka vinakaribiana. Lakini jumla ya gari ya pili ni lita 21, na imepanda mara zote sita. Hiyo ndiyo gari ya kuitwa. Ikiwa ziada (lita halisi toa zilizotarajiwa) iko safu K, jumla inayopanda ni:

```
L2: =SUMIFS(K$2:K2,A$2:A2,A2)
```

Hii, tofauti na zile za mwanzo, inataka mistari ipangwe kwa tarehe, na ianze na vipindi vipya tu, si vile ulivyopatia kiwango. Kwa Canter mimi ningeweka alama jumla ikipita lita 15. Kiwango kisichokuwa sawasawa nacho husogeza jumla polepole, kwa hiyo anza kuhesabu upya kila baada ya sevisi.

Kabla ya kumwita mtu, hakikisha faili lenyewe ni zima. Karani akiandika "20 lita" badala ya 20, SUMIFS inairuka bila kusema kitu, na gari inaonekana inabana mafuta. Risiti iliyopotea inafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo gari iliyo nzuri kupita kawaida nayo iwekewe alama. Sifuri iliyozidi kwenye kilomita, 848300 badala ya 84830, itavuruga kipindi chake na kile kinachofuata. Unguja yote ina urefu wa kama kilomita 85, basi umbali wa kilomita elfu kwa siku ujue ni kidole kilichoteleza.

Kuna kosa jengine la hapa kwetu. Makarani wengi wanaandika shilingi, kisha wanagawa kwa bei ili wapate lita. ZURA hutangaza bei kila mwezi. Bei ikipanda na karani bado anagawa kwa ya zamani, lita zinazidi kwenye karatasi tu. Dalili yake ni kuwa gari zote za diseli, au zote za petroli, zinapanda wiki moja kwa pamoja. Madereva wote hawaharibiki siku moja. Lita ziandikwe kutoka kwenye risiti ya pampu.

Gari ikibaki na alama baada ya hayo, jumla inakwambia lita ngapi, haikwambii zimekwenda wapi. Anza na mita yenyewe: linganisha kilomita zake na za simu kutoka mjini hadi Paje. Tairi kubwa kuliko za asili hufanya mita isome pungufu, na gari ikaonekana inakula mafuta. Angalia upepo wa tairi, breki zinazoshika na filta ya hewa. Kisha simamia mwenyewe, au mtu unayemwamini, kujazwa kwa gari hiyo pomoni mara tatu mfululizo kwenye pampu ile ile, na ufunguo wa kifuniko cha tangi ukae kwako. Ziada ikiendelea, peleka gari kwa fundi. Ikikatika, mafuta yalikuwa hayafiki kwenye injini, na hapo utakaa na dereva na mtu wa pampu wote wawili, kwa sababu lita zinaweza kuandikwa kwenye risiti bila kuingia tangini.