Kichwa cha imeli ya Kifaransa: bosi hafungui, na kwenye folda haimo

Swali: Salaam aleikum mwalimu, mimi niko matengenezo kwenye hoteli moja Kiwengwa, mabosi Wafaransa. Nimetuma imeli kwenye Objet nikaandika "Bonjour, devis clim validé", nataka wakubali bei ya fundi wa eisi, kimya mpaka leo, na kwenye folda yao ya Maintenance haimo. Nakosea wapi?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kosa kubwa liko mwisho wa hicho kichwa. Mfaransa akisoma "devis validé" anaelewa bei ishapitishwa, sasa afungue ya nini? We ulitaka "à valider", yaani bado inasubiri yeye aipitishe. Kwa sikio validé na valider ni sauti moja, ndo maana waliojifunza Kifaransa kwa kuongea na wageni wanaingia sana hapo, na kompyuta haikupigii mstari mwekundu maana yote mawili yapo kwenye lugha. Fanya hivi: toa hicho kitenzi uweke vendre au vendu, uone lipi linakaa. "Devis à vendre" inakaa, basi andika -er. "Devis vendu" inakaa, basi -é. Maana ya sentensi itakuwa ya ajabu lakini usijali, unatafuta mwisho wa neno tu, na inakusaidia pia kwenye "facture à payer" na "contrat à signer".

Bonjour iteremshe ndani ya barua. Kwenye simu kichwa kinakatwa mapema, kwa hiyo maneno ya mbele ndo yanayosomwa, na we umeyatumia kusalimia.

Folda sasa. Mara nyingi mtu ameweka ruli kwamba imeli yenye neno fulani kwenye Objet iende folda fulani. Muulize sekretari neno lenyewe limeandikwaje, ulikopi vilevile, maana ukiandika Entretien mtu ataelewa lakini ruli inayotafuta Maintenance haitaiona. Kama neno ndo hilo, yako itakuwa:

```
[Maintenance] Ch. 214 : devis clim à valider avant le 12/06
```

Namba ya chumba na tarehe weka zako. Ch. ni chambre, wa hotelini wote wanaijua, na tarehe inaanza siku ndo mwezi, kama sisi. Kama huhitaji jibu lolote malizia "pour info", usiandike URGENT, maana ukiizoesha hata siku bomba limepasuka kweli hawatastuka.

Ukitaka kuwakumbusha, jibu juu ya imeli ileile na Objet usiiguse, kwa sababu kwenye Gmail ukibadilisha kichwa inafungua mazungumzo mapya na devis inabaki kule nyuma peke yake. Lakini likija suala la pampu ya bwawa, hiyo anza mpya kabisa, usiipachike kwenye majibu ya 214, baadaye mtu akitafuta pampu hataiona.

Hii ya sasa tuma upya, kichwa kipya, devis iambatanishe tena, na mstari wa kwanza ndani sema wazi kwamba bei bado haijapitishwa: "Ce devis n'est pas encore validé."