Hekta ngapi za miombo zimefyekwa? Usiishie kuhesabu pikseli

Nafanya kazi ya ramani za misitu ya vijiji kusini mwa Tanzania, na swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoingia kwenye kazi hii ni moja: nina picha mbili za setilaiti, nitapataje hekta zilizofyekwa kati ya tarehe hizo? Jibu la haraka ni kutoa picha moja kwenye nyingine, kisha kuhesabu pikseli zilizobadilika. Asubuhi moja inatosha. Ushauri wangu ni kwamba namba hiyo isitoke ofisini mpaka uwe na uhakika na mwezi uliouchagua, na mpaka ramani yenyewe ikaguliwe kwa sampuli.

Tuanze na mwezi, kwa sababu kazi nyingi za miombo huharibikia hapo. Miti ya miombo hupukutisha majani. Ukilinganisha picha ya Mei na ya Agosti, eneo kubwa la msitu litaonekana limekwisha, na hakuna aliyeinua shoka. Moto wa kiangazi unaoteketeza nyasi chini ya miti huongeza madoa mengine. Kwa hiyo miaka itofautiane, lakini msimu uwe uleule.

Wengi wakishaelewa hilo hukimbilia Aprili, msitu ukiwa na majani tele. Mkoani Lindi hilo lina mtego wake. Ufuta ni sababu mojawapo kubwa ya kufyeka misitu huko, na hupandwa mwanzoni mwa mwaka. Aprili shamba la ufuta ni kijani tupu, na kipimo cha ukijani, yaani NDVI, kinaweza kulipitisha kama msitu. Juni mambo yamegeuka: ufuta umekauka au umevunwa, shambani yamebaki mabua na udongo, miti bado ina majani, mawingu yamepungua na moto haujashika kasi. Mimi hutumia Juni. Ukienda kwenye zao lingine au mkoa mwingine, uliza kwanza wakulima wanavuna lini, halafu ndipo ufungue kompyuta.

Kwenye Earth Engine, jukwaa la Google la kuchambua picha za setilaiti, kiini cha kazi ni kifupi. Hapa `eneo` ni mpaka wa msitu, na `ondoaMawingu` ni fanksheni yako ya kuziba mawingu na vivuli vyake:

```
function ndvi(a, b) {
  return ee.ImageCollection('COPERNICUS/S2_SR_HARMONIZED')
    .filterBounds(eneo).filterDate(a, b)
    .map(ondoaMawingu).median()
    .normalizedDifference(['B8', 'B4']);
}
var kabla = ndvi('2019-06-01', '2019-07-01');
var baada = ndvi('2023-06-01', '2023-07-01');
var tofauti = kabla.subtract(baada);
```

Neno `HARMONIZED` lisikuponyoke. Tangu Januari 25, 2022 data za Sentinel-2, setilaiti zinazotoa picha hizi, zimeongezewa 1,000 kwenye thamani za kila bendi. Mkusanyo huo huiondoa nyongeza hiyo. Usipoutumia, picha ya 2019 na ya 2023 hazilinganishiki, na msitu mzima utaonekana umepoteza ukijani.

Kabla ya kuweka kikomo cha kutenga kilichofyekwa na kilichobaki, tazama thamani za `tofauti` ndani ya msitu unaojua kabisa haujaguswa. Zinapaswa kuzunguka sifuri. Zikizunguka 0.06, huenda mvua za mwaka wa pili ziliisha mapema na msitu wote umefifia kidogo. Toa hiyo 0.06 kwenye picha nzima kwanza. Kisha tazama mashamba mapya unayoyafahamu, na uweke kikomo katikati ya makundi hayo mawili. Kikomo cha 0.2 kinaweza kuwa mwanzo, lakini kisihamishwe kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kujaribiwa. Ramani ya msitu wa mwaka wa mwanzo nayo ni ya lazima, kwani NDVI haitofautishi mkorosho na mtondoo.

Pikseli ya bendi hizi ina mita 10 kwa 10, yaani hekta 0.01. Tanzania, katika takwimu zake za REDD+, mpango wa kupunguza ukataji wa misitu, huhesabu msitu kuanzia hekta 0.5, kwa hiyo mimi huondoa vipande vilivyo chini ya pikseli 50 zilizoshikana. Eneo lipime kwa `ee.Image.pixelArea()` au kwenye mfumo wa ramani wa UTM kanda ya 37 kusini, `EPSG:32737`. Ukipima kwenye mfumo unaotumiwa na ramani za mtandaoni, `EPSG:3857`, kwa latitudo ya Kilwa utazidisha eneo kwa kama asilimia 3.

Sasa tuje kwenye sampuli. Tuchukue mfano wa msitu wa hekta 20,000, ambapo ramani inasema zimefyekwa hekta 600 na zimebaki 19,400. Unatupa nukta 100 kwa kubahatisha ndani ya eneo lililofyekwa na 300 ndani ya lililobaki, kisha unazikagua moja moja kwenye picha kali za Google Earth Pro, ukizingatia tarehe ya kila picha. Tuseme kati ya zile 100, nukta 80 zimefyekwa kweli. Nyingine ni nyasi zilizoungua au ukingo wa kivuli cha wingu. Kati ya zile 300, nukta 3 ziko kwenye mashamba ambayo ramani imeyaruka.

Asilimia 80 ya 600 ni hekta 480. Asilimia 1 ya 19,400 ni hekta 194. Makadirio sahihi ni jumla yake, hekta 674, wala si 600. Ukipiga hesabu ya kosa kwa matabaka haya mawili, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 unapata hekta 224 juu au chini.

Upana huo huwatisha watu, na ni vizuri kujua unatoka wapi. Karibu wote unatokana na zile nukta 3. Katika tabaka la msitu uliobaki, nukta moja inawakilisha hekta 64.7, hivyo shamba moja lililorukwa linaisukuma jumla mbali sana. Dawa ninayoipendekeza ni kutenga tabaka la tatu: ukanda wa mita 50 hivi kuzunguka kila kipande kilichofyekwa, kwa kuwa mashamba hupanuliwa pembeni na ramani hukosea zaidi mipakani. Ukanda huo ukiwa hekta 900 na ukautupia nukta 100, kila nukta inabeba hekta 9 tu. Makosa yakiangukia humo, kama yanavyofanya mara nyingi, ule upana unapungua sana.

Katika ripoti ninaandika hivi: «Kati ya Juni 2019 na Juni 2023 zimefyekwa hekta 674, kukiwa na uwezekano wa kati ya 450 na 898.» Mbele ya mkutano wa kijiji ninaongeza ekari, kama 1,665, kwa sababu mashamba huko hutajwa kwa ekari, na mtu akisikia 674 atadhani ni ekari.

Ninaandika pia kile ambacho njia hii haikioni. Mchoma mkaa anayechagua miti mikubwa na kuacha midogo hapunguzi ukijani kiasi cha kuvuka kikomo. Shamba lililofyekwa Julai 2019 na kuachwa baada ya misimu miwili linaweza kuwa kichaka cha kijani ifikapo 2023. Ndiyo maana msitu wenye kilimo cha kuhamahama mimi huupima kila Juni, mwaka hadi mwaka.